Mistari miwili niliyoiweka vibaya

Niliacha shule baada ya darasa la nane. Kuandika programu nilijifundisha kwa simu, kisha ofisi moja ya Bulla Pesa ikanichukua. Tulikuwa watatu: mkubwa wetu, dada aliyetengeneza kurasa za mtandaoni, na mimi wa seva, kompyuta iliyopokea na kutunza taarifa. Wafugaji wa mbali, hata Biliqo, walikuwa waandikishe mifugo yao kwenye ukurasa wetu kabla ya siku ya soko.

Mtu asiyejulikana alipoingia kwenye seva na kubadilisha bei za mifugo, mkubwa alisema, "Hakuna kupita bila tokeni. Hakuna!" Nikaweka mlinzi wa tokeni, yaani mistari ya programu inayokagua msimbo wa siri wa mtumiaji, juu kabisa, kabla ya kila kitu. Tangu hapo ukurasa wa dada ukakwama.

"Browser inasema seva haijaruhusu anwani ya ukurasa wangu," dada akasema.

Mkubwa akanigeukia. "Wewe bubu, kwako je?"

Nilituma ombi kwa programu yangu ya kujaribia, likiwa na tokeni. Likapita. "Kwangu inafanya kazi," nikasema.

"Umesikia?" mkubwa akamwambia dada. "Shida ni ya kwako, mama kurasa. Isipofunguka kesho kabla ya soko, utafute kazi kwingine."

Dada aliniangalia. Nilitazama kibodi.

Kesho yake asubuhi nilifungua kumbukumbu za seva. Niliona OPTIONS, 401: ombi la kuuliza ruhusa, likakataliwa. OPTIONS, 401. Hakukuwa na POST, ombi linalobeba taarifa zenyewe, hata moja. Ukurasa ulikaa kwenye anwani tofauti na seva, kwa hiyo browser, programu ya kufungulia kurasa, hutanguliza ombi dogo la kuuliza kama inaruhusiwa. Ombi hilo halibebi tokeni. Mlinzi wangu alilifukuza kabla halijafika kwenye sehemu ya ruhusa za anwani, inayolijibu, na maombi yenye ng'ombe na mbuzi hayakutumwa kamwe. Programu yangu ya kujaribia haiulizi kwanza. Ndiyo maana ilipita.

Nilihamisha sehemu ya ruhusa za anwani ikawa juu ya mlinzi. Mistari miwili tu. Nikawasha seva upya. OPTIONS, 204, limeruhusiwa. Halafu POST, 201, limeandikishwa.

Dada alikuwa amekwishaweka chaja yake kwenye begi.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Tokeni ilikuwa mbele ya ruhusa."

Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe bubu ndiye mwizi! Haya dada, rudisha chaja, wafugaji wanangoja."

Dada alibaki amesimama, akanigeukia. "Jana nilikwambia ni seva. Mbona hukuangalia?"

Nilitafuta aibu ndani yangu, sikuiona.

Dada alichomeka chaja, akafanya kazi hadi soko likaisha. Mifugo iliandikishwa. Siku iliyofuata alimletea mkubwa barua ya kuacha kazi, akanipita mlangoni bila salamu. Sasa kurasa pia natengeneza mimi.