Eda Isiyokuwa Yangu

Mume wangu Duni alikuwa fundi wa kanzu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia vifungo. Tulikaa Vitongoji, Pemba. Mwaka mmoja karafuu zilikosa kuzaa, watu wakawa hawashonishi, akaenda Majunga, Bukini, yaani Madagaska, kwa Wafaransa. Akasema atarudi msimu ukitengenea. Misimu ikatengenea na ikaharibika tena. Nikasikia kaoa kule mwanamke kijana. Kuolewa pamoja na mwenzio si ajabu kwetu, na mimi ndiye wa kwanza. Walioniambia niende kwa kadhi nikaombe kuachwa niliwatukana.

Mwaka wa hamsini na nane ikaja habari kuwa Duni kafa, pamoja na wasia aliouandikisha kwa karani wa Kifaransa akiwa bado mzima. Ofisi ya serikali Chake ilitaka karatasi ile kwa Kiingereza. Akapewa Bwana Masika, karani aliyejifunza Kifaransa kwa kamusi, neno baada ya neno. Kisha mwingine akaigeuza Kiswahili, ikasomwa mbele ya jamaa: "Mke wangu mkubwa, Kazija, namwachia cherehani yangu. Nimetia sahihi kwa mkono wangu safi."

Nililia, lakini kilio chenye raha ndani yake. Mke mkubwa! Na mkono safi, wanawake wote wakasema, "Alitawadha kwanza, maskini. Alikuwa na Mungu wake." Nikavaa nyeupe, nikaingia eda.

Shemeji yangu Ngwali hakuridhika, kwani mke anarithi na yeye hakutaka nirithi. Akapita barazani kwangu na kupaza sauti: "Kaa ndani, shemeji, kaa! Nguo nyeupe zimekupendeza. Lakini tangu lini mtu akamuusia mrithi wake? Muulizeni kadhi."

Bi Moza, jirani aliyekuwa akinipikia, akamjibu kutoka jikoni: "Nenda zako, Ngwali! Ulipokuwa na njaa ulikuwa ukila sahani ya nani?"

Lakini kadhi naye alilishangaa jambo lile, kwani kisheria mrithi haachiwi wasia, na mke ni mrithi. Akamwita kutoka Unguja Bwana Mabruki, Mngazija aliyesomeshwa na Wafaransa tangu utotoni. Kwa kuwa nimo edani, wao ndio waliokuja kwangu: kadhi, Mabruki, Masika na Ngwali wakakaa barazani, mimi nyuma ya mlango.

Mabruki akaisoma ile karatasi ya Kifaransa, kisha akauliza, "Nani aliyeandika mke mkubwa?"

"Mimi niliandika *old wife*," akasema Masika. "Ancienne ni kuukuu, ya siku nyingi. Ndivyo kamusi inavyosema."

"Na sisi tukasema, kwa kuwa anaye mdogo kule, huyu ndiye mkubwa," akasema kadhi.

"Hapana, Shehe. Kwa Wafaransa neno hili lina mahali pake. Likija nyuma ya kitu, kitu kimezeeka. Likitangulia kama hapa, *mon ancienne épouse*, maana yake aliyekuwa mke, na sasa siye. Kiingereza sifa zake karibu zote hutangulia, kwa hiyo Bwana Masika hakuangalia limekaa wapi. Ilitakiwa *former wife*."

Nikaushika mlango.

"Na mkono safi?" nikauliza kwa ndani. Nilitaka angalau huo unibakie.

Mabruki akaitazama tena karatasi. "Hilo pia, Bibi. *Propre* likiwa nyuma, mkono ni safi. Hapa limetangulia. Ni mkono wake mwenyewe. Hakutiliwa sahihi na mtu."

Masika akasema, "Nisamehe, Bi Kazija." Ngwali alicheka, kadhi akamkemea.

Kisha kadhi akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Maneno ya Duni ni kukiri kwake kuwa kaniacha. Wasia una tarehe, na ni wa miaka iliyopita. Eda yangu ya talaka ilikwisha bila mimi kuijua. Cherehani ni yangu kwa wasia. Urithi sina. Eda ya kufiwa sina.

"Aliniacha lini, Shehe?"

"Karatasi haikusema."

"Mbona hakuniletea neno? Watu walikuwa wakija na kwenda."

Miaka yote ile nikijiita mke wa mtu, nikiwafukuza watu kwa jina lake, na yeye huko alijua.

"Basi niacheni nikae hivi hivi mpaka siku zitimie," nikasema.

"Kukaa hukatazwi, mwanangu," akasema kadhi. "Lakini haitakuwa eda."

Walipoondoka Bi Moza akaniletea kanga yenye rangi. Nikazivua zile nyeupe na kuvaa kanga, nikatoka kwenda kisimani mchana kweupe. Wanawake niliowakuta walinipisha nichote maji. Hata mkono wa tanzia hawakuweza kunipa, kwa kuwa sikuwa nimefiwa na mtu.