Ubao Kwenye Kitanda cha Mbeyu

Buya wa Garsen alikuwa mchonga mitumbwi, na kwa miaka thelathini hakuna aliyethubutu kumfundisha mti. Kisha mkewe Mbeyu akafa, mwisho wa vuli ya mwaka hamsini na tano. Siku ya maziko kulikuwa na mtumbwi uwanjani, umechongwa nusu. Hakuna aliyekumbuka kuufunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Jua likaufanyia kazi siku tatu. Buya alipotoka nje aliukuta umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, ufa wa kupitisha mkono.

Mwenye mtumbwi alikuja, akautazama, akampa pole ya msiba, akaenda kuagiza mwingine Tarasaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea Buya mti. Hawakumsema vibaya. Walisema tu kwamba mkono wa mzee umezikwa na mkewe.

Ndani ya nyumba kitanda cha kamba cha Mbeyu kilibaki kilivyokuwa. Dada yake Buya, jina lake Tuneya, ndiye aliyekuwa akimpikia. Alikiomba kitanda kile mara mbili kwa ajili ya wajukuu. Mara zote mbili Buya alikwenda kuunyoosha mkeka wake.

Basi mwezi wa pili akaja Bwana Popat, mwenye duka pale karibu na pantoni ya kuvukia mto. Alikuwa amebeba kitu kirefu kilichovingirishwa katika shali ya mtoto. Buya alidhani ni maiti ya kitoto, akasimama kwa heshima.

"Keti, mzee," Popat akasema. "Ni gongo la kriketi."

Akalifunua. Ubao mweupe, mpana kama kiganja, uso bapa na mgongo uliotutumka, mpini umefungwa uzi. Buya aliupima mkononi. Ulikuwa mwepesi kuliko ulivyoonekana.

"Mti gani huu?"

"Wa Ulaya. Wanauita wilo. Unaota kando ya mito."

"Mto una akili," Buya akasema.

Popat akaeleza shida yake. Wakati wa Pasaka wafanyabiashara wa Kihindi wangecheza na Wazungu huko Malindi. Mwaka uliopita alikwenda na gongo jipya, akapiga nalo mpira wa kwanza. Gongo likakatika. Nusu ilibaki mkononi, nusu ikaufuata mpira na kumpata mwamuzi kwenye goti. Wazungu walimpigia makofi.

"Gongo jipya lazima ligongwe kwanza," akasema. "Polepole, saa sita kwa jumla, siku nyingi. Nilianza nyumbani. Mke wangu anasema nichague kati yake na kelele. Wewe ni fundi wa mti, mzee."

Buya aliugeuza ubao mkononi. Alitaka kumwambia habari ya mtumbwi. Lakini mtumbwi ulikuwa pale pale uwanjani, umepanua mdomo, na Popat alikuwa ameuona alipokuwa akiingia.

"Nao je?" Buya akauonyesha kwa kidevu.

"Kila fundi ana siku yake ya kuzika," Popat akajibu. "Chukua."

Akamwachia soksi ndefu yenye mpira mkuukuu wa ngozi ndani yake, na mkebe wa mafuta ya kitani. Akampa na masharti. Mafuta kidogo sana, kwa kitambaa: usoni, kwenye kingo na kwenye ncha. Mgongo apitishe tu. Pale mpini unapoingia kwenye ubao yasiguse hata tone. Kisha lilazwe bapa mpaka yanywewe. Kuligonga, aanze kama anayebisha hodi kwa mkwe, azidishe siku kwa siku. Kingo zigongwe kwa mshazari ili zijikunje, zisigongwe wima. Ncha kwa chini isipigwe kabisa. Jua hapana. Moto hapana. Maji hapana.

Buya alirudia yote neno kwa neno. Hakujua kusoma, kwa hiyo hakujua kusahau.

Siku ya nne asubuhi, baada ya mafuta mara tatu, alikaa uwanjani na ubao magotini, akazungusha soksi. Tok. Tok. Tok.

Watu wa mtoni hawana kazi nyingi kabla ya masika. Kabla ya adhuhuri walikuwa kumi na wawili wamechutama ukutani. Wa kwanza kusema alikuwa Guracha, Muorma aliyekuwa akivuta kamba ya pantoni.

"Mzee, huyu amefanya kosa gani?"

"Hajafanya."

"Mbona unampiga?"

"Ili siku akipigwa kweli asipasuke."

Guracha akafikiri. "Basi ni kama sisi na serikali," akasema, na watu wakaangalia nyuma kwanza ndipo wakacheka.

"Na ataacha kupigwa lini?" mwingine akauliza.

"Atapigwa maisha yake yote. Ndiyo kazi yake."

"Maskini," Guracha akasema, na tangu hapo kila alipopita alilisalimia gongo.

Buya alipiga siku tano, saa moja kila siku, akiipima kwa kivuli cha nguzo. Uso ulianza kubana na kung'aa kidogo. Kidole kiliteleza juu yake. Na jambo alilolitambua bila kulitafuta ni kwamba alikuwa amekula ugali wote siku mbili mfululizo.

Siku ya sita aliitwa kwenye baraza la chifu. Akaliacha gongo kwenye kivuli cha ukuta, bapa, kama alivyoagizwa. Tuneya akaja na chakula, akaliona. Jua lilikuwa kali. Tuneya aliutazama ubao, akautazama na ule mtumbwi. Moyo ukamwuma. Mara hii, akajiambia, hatumwachii kaka apatwe na aibu. Si alisema mwenyewe kwamba huu ni mti wa mtoni? Mti wa mtoni dawa yake maji. Mtumbwi usiotumika huzamishwa, kila mtoto anajua. Akalibeba gongo mpaka mtoni, akalifunga kamba shingoni, akalizamisha penye mafunjo. Akakaa akililinda mpaka alasiri, mamba wasije wakalifikiria.

Buya aliporudi alimkuta dada yake amelishika kwa mikono miwili, linachuruzika, naye anatabasamu.

"Nimekuokolea mti wako, kaka."

Buya alilipokea. Nyuzi za mti zilikuwa zimesimama kama manyoya ya kuku mwenye homa. Ncha ilikuwa imevimba, imetanuka kiasi cha unene wa ukucha. Siku kumi na mbili zilibaki kabla ya Popat kusafiri.

Hakumgombeza. Alisema, "Umefanya ambalo mimi sikufanya siku ile ya mtumbwi." Tuneya akayafuata macho yake mpaka kwenye ncha, akaanza kulia kwa sababu alielewa kwamba amekosea.

Hapo Buya alikaa kama mtu anayesikiliza. Mti uliolowa ukiupeleka juani unakauka nje haraka na ndani bado una maji, ndipo unapasuka. Moto ni vilevile. Kuuweka chini haifai, udongo una unyevu. Kuusimamisha ukutani haifai, maji yote yatashukia ile ncha iliyovimba. Unataka kivuli, unataka kulala bapa, na unataka upepo juu na upepo chini. Alizunguka nyumba yake mara tatu akitafuta mahali kama hapo. Alikuwa anapajua tangu mzunguko wa kwanza.

Akaingia ndani. Akaukunja mkeka wa Mbeyu. Akalilaza gongo kwenye kamba tupu za kitanda, mpini upande wa mto wa kichwa, akaufungua mlango na kidirisha upepo upite.

Akawa analigeuza kila baada ya swala. Alfajiri kifudifudi, adhuhuri chali, alasiri kifudifudi. Alilipapasa ncha, akalinusa. Akikohoa alitoka nje.

Jirani aliyekuja kuomba moto alichungulia mlangoni, akarudi bila moto. Kabla ya magharibi Garsen yote ilikuwa na habari: Buya ameoa ubao.

Wanawake wakaja wawiliwawili kumwona bibi harusi.

"Mwembamba," mmoja akasema.

"Mweupe lakini. Katoka Ulaya."

"Wifi yako hasemi hata karibu, Tuneya."

"Afadhali hasemi," Tuneya akajibu. "Wewe ulipoolewa tulihama."

Siku ya tatu akaja mwalimu wa chuo cha Kurani, ametumwa na wazee. Akakaa kizingitini, akakohoa kistaarabu, akauliza kama kuna jambo ndani ya nyumba hii linalohitaji dua.

"Kuna maji kwenye ncha," Buya akasema.

Mwalimu akaingia, akalipapasa. Alikuwa mtoto wa seremala. "Bado mbichi hapa," akasema. "Lipe siku nne." Akarudi akawaambia wazee kwamba hakuna dhambi, kuna uvimbe tu.

Siku ya nne akaja Popat mwenyewe. Habari zilikuwa zimemfikia dukani na kila ratili ya sukari. Buya alimwambia yote, hakumtaja Tuneya. Alisema, "Liliingia maji nikiwa sipo." Popat aliingia, akalitazama gongo lake limelala kwenye kitanda cha marehemu. Alivua kofia. Hakujua kwa nini.

"Litapona?"

"Likipasuka, hutaniletea mti tena. Wala mwingine hataniletea. Niachie."

Siku ya saba ncha ilikuwa imerudi karibu na ukubwa wake. Buya akazilaza nyuzi zilizosimama kwa jani kavu la msasa, akapaka mafuta kidogo mara moja tu, akalilaza tena. Kisha akarudia kugonga, tangu mwanzo, kwa hodi ya mkwe. Sehemu ya chini ya ubao akaifunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, mizunguko iliyobanana, na ncha akaipaka nta ya nyuki maji yasipate mlango tena. Alipodondosha mpira juu ya uso, mshono wa mpira haukuacha alama. Mti ulikuwa tayari. Buya aliendelea kugonga siku moja zaidi, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Kujaribu walikwenda uwanja wa pantoni. Popat alisimama na gongo. Mrushaji hakupatikana ila Guracha, ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa kuwafukuza fisi kwa mawe.

"Lenga karibu na miguu," Popat akamwambia.

"Fisi halengwi miguu," Guracha akasema, akarusha.

Mpira ulikuja usawa wa paji la uso. Popat akauzuia kwa gongo kama mtu anayejikinga na laana ya mamake. Sauti iliyotoka haikuwa kavu. Ilikuwa nzito na ya duara, kama mchi unapotua kwenye mahindi. Mpira ukaruka juu ya pantoni, ukaangukia mtoni. Mamba mmoja akaupokea, akatafakari, akazama nao.

Hakuna aliyeangalia mpira. Wote walimwangalia Buya. Naye alilichukua gongo, akalipitishia kucha usoni, kingo zote mbili, ncha. Alichukua muda wake.

"Ni zima," akasema.

Baada ya Pasaka Popat alirudi kutoka Malindi. Alikuwa ametolewa kwa mpira wa kwanza. Ulimpita, ukaangusha vijiti nyuma yake.

"Gongo je?" Buya akauliza.

"Halikuguswa na kitu."

"Basi halikupasuka."

"Halikupasuka, mzee," Popat akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu Malindi akacheka.

Wiki ile yule mwenye mtumbwi aliyekwenda Tarasaa alimletea Buya gogo. Kabla ya kulishika, Buya alilifunika magunia ya maji. Wakati likisubiri alichonga makasia, na makasia mabichi yanataka kivuli, kulala bapa, na upepo juu na chini.

Tuneya aliingia na chakula, akasimama penye kitanda cha Mbeyu, akahesabu makasia yaliyolazwa juu yake.

"Wanne," akawaambia wanawake nje. "Kaka ametimiza."

Kisha akarudi ndani, akamsaidia kuwageuza.