Dokezo la chumvi

Kiingereza nilikiokota kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, wakati wa vita. Nilipozunguka kutafuta kazi hadi nikachoka, nilirudi kwetu Kindu nikaomba kukifundisha shule ya msingi. Mkurugenzi wa shule alinipa mwezi mmoja wa majaribio. Siku ya mwisho alikaa nyuma ya darasa ili aamue; akinikataa, sikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa nimetengeneza mchezo wa kadi. Kila kikundi kilitandaza mezani kadi zenye maneno ya Kiingereza. Mimi nasoma dokezo kwa Kiswahili, na kikundi cha kwanza kuinua neno sahihi kinabaki na kadi.

Nikasoma: "Tunaipima kwa kijiko, tunaificha chini ya kitanda, wageni wasiione."

Vikundi vyote vikainua "gold".

"Hapana," nikasema. "Ni salt. Chumvi."

Darasa likacheka. "Mwalimu, muntu anaficha chumvi ya nini? Iko mingi ku soko!"

Nikachungulia madokezo yaliyobaki. Sabuni, treni, viatu: yote niliyaandika kwa njaa ya miaka ya vita, kabla sijakimbia, treni ya bidhaa ilipokatika na mama akaficha chumvi. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Nikayafunika madokezo mezani.

"Basi sema wewe," nikamwambia msichana wa mbele. "Chumvi ni nini?"

"Mama akiisahau, baba anasukumia mbali sahani ya mboga ya sombe."

Kadi za "salt" zikapaa zote.

Mkurugenzi akasimama. "Yule mtoto anajua kazi yako kukushinda, mwalimu. Nakuongeza wiki moja. Andika madokezo yote upya, pamoja nao."