Laini Tano kwa Kidole Kimoja

Nilipostaafu kufundisha Kiingereza nilijiambia kwamba sasa nitapumzika. Pumziko lenyewe lilidumu miezi minne. Pensheni ilikuwa bado inapigwa danadana, na kampuni moja ya nje iliyokuwa ikikopesha majokofu ya sola kwa wauza samaki wa ziwani ilikuwa inatafuta mtu wa kuwatafsiria wateja. Nikaomba, nikapewa. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja ghorofani, Kigoma mjini, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Maamuzi yote yalifanyika huko kwao, na afisa wa mikopo tulimwona kwenye kompyuta tu, kijana mpole ambaye nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe na hakuna kingine.

Kampuni ilikuwa na sharti moja ambalo nililipenda siku ya kwanza na kulichukia kufikia wiki ya pili. Mwombaji yeyote ambaye ripoti yake ya mikopo ina doa, ni lazima asomewe ripoti hiyo kwa lugha anayoielewa, mstari kwa mstari, kisha atoe maelezo yake, nayo yaandikwe kwenye fomu kabla ya uamuzi. Ripoti ilitoka kwa wale wanaokusanya taarifa za wakopaji kutoka kila anayekopesha. Ilikuwa ya Kiingereza. Miaka thelathini na mitatu nimefundisha lugha hiyo, na ukurasa wa kwanza tu ulinitoa jasho.

Mama mmoja wa Ujiji ndiye aliyenimaliza. Alikuwa muuza migebuka, samaki wa ziwani, mwanamke wa arobaini na kitu, amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya ofisi. Alinisalimu shikamoo mwalimu kwa heshima zote, akaketi ukingoni mwa kiti akaweka simu yake juu ya paja. Alitaka jokofu. Bila jokofu, alisema, ikifika saa nane mchana wanunuzi wanajipangia bei wenyewe, maana wanajua samaki hawamsubiri. Lilikuwa limebaki jokofu moja katika mzigo ule, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikaanza na alama, kwa sababu ndizo zilizokuwa juu kabisa kwa herufi nene. Mia tano na kumi na mbili.

"Kati ya ngapi?" akauliza.

"Mia tisa."

"Basi nimefaulu. Nimevuka nusu."

Nami nikaafiki, mwalimu mzima. Afisa akatikisa kichwa kwenye kompyuta. Alama hizo hazianzi sifuri, akaeleza. Zinaanza mia mbili na hamsini. Wala si mtihani; ni makisio ya uwezekano wa mtu kushindwa kulipa siku zijazo, yanayotokana na alivyolipa huko nyuma. Alama zikiwa kubwa, hofu ya mkopeshaji ni ndogo.

"Kwa hiyo mtu asiyejua kitu anapata mia mbili na hamsini za bure?" mama akaniuliza.

Nilimuuliza afisa, naye akasema swali ni zuri, na ninavyowajua watu, hiyo ni namna yao ya kusema hawajui. Tukaendelea.

Ripoti ilisema ana akaunti nne. Mama akashtuka. Akaunti? Yeye hana akaunti benki hata moja, fedha yake iko kwenye simu na kwenye kikundi. Ikabidi niulize tena, nikaambiwa kwamba katika ripoti hizi kila mkopo huitwa akaunti, hata ule wa kikundi cha akina mama. Wa kwanza ulikuwa wa taasisi iliyokikopesha kikundi, umelipwa wote, umefungwa. Nikamwambia hiyo ni nzuri, mkopo uliofungwa baada ya kulipwa unamjenga mtu. Wa pili ulikuwa wa baiskeli ya mizigo, umelipwa, ila mara moja alichelewa siku kumi na mbili. Aliikumbuka hiyo mara. "Nilikuwa matangani," akasema, kana kwamba afisa angeifuta hapo hapo.

Halafu kukawa na orodha ya maulizo. Wakopeshaji watatu walikuwa wameangalia ripoti yake ndani ya mwezi mmoja, na hilo lilikuwa limempunguzia alama kidogo.

"Mimi nilikwenda kuuliza tu," akasema. "Sikuchukua hata senti."

"Ndiyo, lakini ukiomba, wao wanakuchungulia. Kila anayekuchungulia anaandikwa."

"Wanachungulia wao, napunguzwa mimi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba mtu anayeomba milango mitatu kwa mpigo anaonekana ana shida. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu asiye na shida anaombea nini mkopo?" Hapo nilicheka, na nilipomtafsiria afisa naye alicheka, na kwa dakika moja tulikuwa watu watatu wasioelewa kitu kwa pamoja. Niliona raha.

Raha iliishia kwenye mkopo wa tatu na wa nne. Yote miwili ilikuwa ya simu, ile midogo ya papo kwa hapo. Wa tatu ulikuwa wa elfu ishirini, umelipwa. Wa nne ulikuwa wa elfu hamsini, haujalipwa kwa zaidi ya siku mia moja na themanini, na sasa pamoja na gharama umefika elfu sabini na nne. Kwenye hali ya mkopo paliandikwa neno ambalo, kwa haraka yangu, nililitafsiri kwamba deni limefutwa.

"Alhamdulillah," akasema.

Afisa aliona uso wake ukichangamka, akaniuliza nimemwambia nini. Nikamrudishia. Akasema hapana, hapana. Mkopeshaji ameliondoa deni hilo kwenye vitabu vyake kama hasara, basi. Mwenye deni bado anadaiwa, na kwenye ripoti hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Ndiyo iliyoziangusha alama zake.

Ilinibidi nimnyang'anye mama ile furaha kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilijisikia mjinga. Yeye wala hakukasirika, alisema tu, taratibu, kwamba hajawahi kukopa kwenye simu. Hajui hata pa kubonyeza.

Hapo mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nikaona wizi mtupu. Nikamuuliza afisa tufanye nini, akasema mama ana haki ya kupinga. Ataandika malalamiko, yatapelekwa kwa mkopeshaji aliyeleta taarifa hiyo, naye ni lazima achunguze. Ikithibitika si wake, mstari utaondolewa. Kwa sasa yeye afisa angeweza kumshikia mama jokofu lake mpaka uchunguzi uishe, mradi malalamiko yafike kabla ya Ijumaa. Nikachukua kalamu kwa kishindo. Nikaanza kuandika: mkopo huu si wangu, simjui aliyeuchukua.

Fomu ilitaka namba ya simu iliyokopea. Ripoti ilionyesha tarakimu tatu za mwisho tu. Mama akasema si zake. Nikamwambia tuangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa simu yake mwenyewe. Tukabonyeza, tukasubiri.

Zilikuja laini tano.

Nilitegemea apige kelele. Badala yake alianza kuzihesabu kwa vidole. Hii yangu. Hii ya mama yangu mzazi. Hii ya shemeji, alipotea nayo huko Mpanda. Hii ya dada. Ya tano akaitazama: iliishia na zile tarakimu tatu za kwenye ripoti.

Mimi si wa huku. Nililetwa na uhamisho, nikaoa, nikajenga Buzebazeba, na bado kuna mambo ya mkoa huu ambayo kwangu ni ukungu. Hili nililijua nusu. Wakati laini zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, watu wengi hapa walikuwa hawajapata namba ya kitambulisho. Mpaka uko karibu, na mtu akienda kuomba anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani shahidi. Anarudishwa mara tatu, mara nne. Kwa hiyo mwenye namba aliwawekea kidole wasio nayo. Ilikuwa ni kama kumwazima jirani ndoo. Hakuna aliyewaza kwamba aliyeazimwa laini anaweza kukopa kwa jina la aliyeweka kidole.

Mama akaipiga laini ya tano. Ikapokelewa mara moja. Waliongea kwa Kiha, na Kiha changu kinaishia sokoni. Nilikaa pale, mkalimani wa kulipwa, bila kuelewa chochote. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke, ikienda mbio, halafu ikakatika, halafu ikawa kilio. Mama alikuwa akisema "ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya chini. Afisa akaniuliza wanazungumza nini. Nikamwambia sijui. Akadhani mtandao ni mbaya, akarudia swali.

Simu ilipokatika, mama alinipa maneno mawili tu. "Mtoto alilazwa."

"Nani huyo?"

"Jirani."

Nilimweleza kilichobaki, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akipinga, mkopeshaji ataona kidole ni chake na namba ni yake, kwa hiyo ataombwa ushahidi: maelezo ya polisi, yenye jina la anayeitumia laini. Asipopinga, maana yake deni ni lake. Anaweza kulilipa hata leo, lakini mstari hautaondoka, utaandikwa tu kwamba umelipwa, na utakaa hapo miaka. Jokofu litakwenda kwa mwingine.

"Polisi watamuuliza kitambulisho," akasema.

"Watamuuliza."

"Hana. Watasema si wa nchi hii."

Nilitaka kumwambia asiwe mjinga. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilikuwa na hasira na yule jirani, na waliomnyima namba, na kampuni, na huyu mama mwenyewe aliyekaa wima vile na kitenge chake kipya. Nilimwambia afikirie watoto wake. Akasema anawafikiria, na mtoto wa jirani pia anamfahamu, ndiye anayemwoshea samaki.

Akaniomba nichane ile karatasi ya malalamiko. Nikaichana. Afisa akafungua fomu ya maelezo, akasoma swali lililobaki, nami nikalitafsiri: mkopo huu ni wako, kwa nini hukuulipa?

Chini, treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa, mabehewa yakigongana.

"Andika," mama akasema, "sikujua kama ni mimi."

Nilimtafsiria afisa. Aliacha kuchapa, akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa Kiingereza changu chote cha darasani. Akaniuliza, kwa adabu, kama nina hakika nimetafsiri sawa.

Nikamwambia ndiyo, ndivyo alivyosema, aandike hivyo hivyo.