Mawe Manne Kando ya Ndagala

Mama yangu alikuwa akiuza ndagala ufukweni Uvira, na aliuza vizuri kuliko wote. Nasema hivyo si kwa kuwa ni mama yangu. Wanawake wengine wa mchangani nao walisema, ingawa walisema kwa kununa.

Ndagala ni samaki wadogo, kama kidole cha mtoto. Wavuvi wa taa walirudi nao alfajiri, sisi tukawanunua wabichi, tukawatandaza mchangani hadi jua liwakaushe. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mchanga, na samaki waliolala juu yake tuliwaita tandiko. Wanunuzi walitoka uwandani, Luvungi, Bwegera, Mutarule, wanawake walima mpunga ambao mashamba yao yalikuwa mbali na samaki. Walishuka kwa lori la asubuhi, sisi tukiliita kamyo, na kupanda nalo jioni.

Kulikuwa na namna mbili za kununua, na mtoto wa Uvira alizijua kabla hajajua kusali. Ya kwanza ni kwa kopo. Unasema nataka makopo kadhaa, na mpaka yapimwe na kumwagwa katika gunia lako, huna kitu pale mchangani. Mvua ikinyesha, kunguru wakishuka, mbuzi akipita, hasara ni ya muuzaji, maana hakuna ajuaye samaki yupi ni wako. Ya pili ni kununua tandiko zima, kama lilivyolala. Hapo mnapatana bei, kisha mnunuzi mwenyewe anaokota mawe manne na kuyaweka pembe nne. Jiwe la nne likigusa mchanga, samaki ni wake, hata kama hajalipa, hata kama bado wamelala kwenye mchanga wa mtu. Tandiko zima lilikuwa rahisi kuliko kopo, na sasa unajua kwa nini.

Siku moja alikuja mjane wa Luvungi. Tulimjua kwa sura. Alikuwa mwanamke mrefu, Mkristo wa misheni, rozari shingoni, asiyecheka ovyo. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na wageni wa kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi walikuwa wameahidiwa ndagala. Alilipita tandiko la kwanza, akalipita la pili, akasimama kwetu.

Akafanya kama inavyopasa. Alichukua samaki hapa na pale, akawavunja, akasikiliza kama wanalia "tak", akawanusa, akamtafuna mmoja.

"Iko na mchanga mingi, mama," alisema.

"Mchanga unauona na macho yako," mama akajibu. "Ndiyo maana bei inashuka. Kesho usinirudilie juu ya mchanga."

"Siwezi rudi juu ya kitu niliona."

Bei ikashuka, mjane akalipa yote, akaokota mawe yake manne. Nakumbuka alichagua mawe meupe, kama mtu anayepanga maua. Kisha akasema anakwenda misheni kumwona padri kwa habari ya ndoa, na atarudi kabla ya kamyo. Akamwomba mama amwachie samaki pale pale juani, wazidi kukauka.

Uvira ina mlima mgongoni na ziwa usoni, na mvua yetu hutoka mgongoni. Huioni mpaka imekwisha kukushika. Adhuhuri ilikuwa haijapita vizuri pale mlima ulipogeuka mweusi na upepo ukashuka na vumbi la barabarani.

Mama alishika magunia na kukimbilia tandiko lenye mawe.

Sisi tulikuwa na tandiko jingine pembeni, letu, ambalo halijauzwa. Nikapiga kelele, "Mama, yetu! Yetu kwanza!" Hakugeuka. Nikamfuata nikitukana kimoyomoyo, tukakusanya samaki wa mjane kwa mikono na kwa ungo. Tulijaza gunia la kwanza, la pili, la tatu, na yote yakaingia chini ya paa makavu kabisa. Ilibaki pembe moja ya tandiko mvua iliposhuka. Pembe ile ililoa, na tandiko letu lote likawa uji.

Nililia kwa hasira. Mama alikamua kitenge chake, akasema, "Yangu ikipotea nitalia. Ya mutu ikipotea nitajibu." Basi.

Mjane alirudi viatu mkononi. Alitazama mchanga ulioloa, akatazama magunia, akasema hawachukui. Alisema hajawabeba, hajawatia katika gunia lake, samaki wamelowea kwa mama, basi ni wa mama, arudishiwe chake. Mama akamwonyesha mawe. Yalikuwa bado pale, meupe, yameoshwa na mvua. Mjane akasema mawe si gunia. Wanawake wa ufukweni wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimchoma kuliko mvua.

"Tutaenda kwa tribinali," alisema. "Nitasema kama weye unauzisha batu samaki ya maji."

Hapo mama hakucheka. Uwanda wote ulinunua kwa maneno ya mdomo. Mjane mmoja akisema Luvungi kwamba mwanamke fulani wa Uvira anauza samaki wa maji, kesho kamyo nzima inapita tandiko lako bila kushuka macho. Nyumba yetu ilikula kwa jina la mama. Baba alikuwa amekufa, hatukuwa na shamba, tulikuwa na kipande cha mchanga na jina.

Kesi ilisikilizwa siku mbili baadaye, katika tribinali, baraza la wenyeji wa mji. Juji, yaani hakimu, alikuwa mzee wa Uvira, mwenye kanzu, aliyewahi kufanya biashara ya mitumbwi, na hakupenda maneno marefu. Magunia yalibebwa yakawekwa mbele yake yakiwa bado yamefungwa.

Alimwuliza mjane, "Ulinunua kwa kopo ao tandiko?"

"Tandiko."

"Nani aliweka mawe?"

Mjane akajigusa kifua. "Minye."

"Mvua ilikuta mawe iko pale?"

"Ndiyo, lakini nilikuwa sijabeba."

"Kubeba ni kazi ya mikono. Kununua ilikwisha pale uliweka jiwe ya nne. Mali ilikuwa yako, na mvua ilinyesha juu ya mali yako. Kama huyu mama angeiacha makusudi iloe, ningemwuliza yeye, maana alikuwa ameachiwa. Lakini nasikia aliacha yake ikaharibika juu ya kuokoa yako."

Nilimtazama mjane kwa jicho ambalo lingenipatia kofi kama mama angeliona.

Mjane hakubisha. Aliomba tu magunia yafunguliwe, aone kilichobaki cha harusi ya mwanawe. Yakafunguliwa. Harufu ikatoka, nasi tukaijua kabla ya kuona. Karibu nusu ya kila gunia walikuwa wameshikana mabonge, weusi ndani, na ukungu juu. Mtu nyuma akasema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," watu wakacheka.

Juji akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni ile mvua," alisema. "Pole, mama. Mvua ni yako."

Ilikuwa imekwisha. Mjane aliinama kuokota kitambaa chake. Sisi tulikuwa tumeshinda, jina limepona, na wa kujua zaidi walikuwa wawili tu katika nyumba ile, mama na mimi. Mama aliinuka, akaja kwenye magunia, akatoa bonge, akalivunja, akalinusa muda mrefu. Nikamvuta kitenge. Niliona anachokwenda kufanya, na nilimchukia kwa kukiona.

"Juji," alisema, "hii haikuloa."

"Namna gani?"

"Hii magunia tatu iliingia ndani kabla ya mvua. Ile ya pembe iliyoloa iko kwangu, niliianika tena, na iko mukavu. Hii imeoza kwa yenyewe. Siku ile wavuvi walileta mingi, mchanga wangu ulikuwa mudogo, nikaitandaza nene. Juu ilikauka, chini ilishikana ikabaki mbichi. Yeye alivunja ya juu, kama kila mutu. Hangeweza kuona. Hata minye sikuona." Akalirudisha bonge guniani. "Mvua ni yake. Uozo ni wangu."

Juji alimtazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka ukutani.

"Ulijua, siku ile ya kuuza?"

"Wallahi, sikujua."

"Ungejua, ungelipa na harusi iliyoharibika. Hukujua, utarudisha bei, na nauli ya kamyo." Akamgeukia mjane. "Mchanga uliuona, huo umeununua. Lakini uozo ulijificha, na ulikuwamo kabla ya mawe yako. Chagua. Urudishe samaki upate bei yako yote, ao ubaki nao na bei ipunguzwe. Ile ya pembe iliyoloa usiihesabie mama. Ni ya mvua, na mvua tumekwisha kusema ni ya nani."

Mjane alichagua kubaki na wazima na kurudishiwa bei ya wabovu. Wale wa pembe, ambao mama alikuwa amewakausha upya, aliwachukua pia. Harusi ilikuwa na ndagala, wachache.

Njiani kurudi nilimwambia mama kwamba ametuua. Tumepoteza tandiko letu kwa kuokoa lake, sasa tunarudisha na bei, na jina amelitupa mwenyewe mbele ya mji mzima, pale ambapo hakuna aliyeliomba. Mama akasema, "Ningelala na ile harufu." Nikamwambia harufu hailiwi. Akasema, "Kweli, hailiwi."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, sitazipaka sukari. Wanawake wa mchangani walitutania: mama munene, tandiko nene. Kamyo ilishusha watu na watu wakapita. Mama alitandaza wachache wachache, wembamba kama mkeka, akawageuza mpaka mgongo ukakataa, na kila jioni tuliwala wenyewe wale tulioshindwa kuuza. Nilichukia ndagala mwaka ule kama mtu anavyochukia dawa.

Mpunga ulipovunwa, mjane akarudi. Nilimwona akishuka kwenye kamyo na nyuma yake wanawake wanne wa Luvungi, vikapu kichwani, nikajua wamekuja kutuchekea. Alilipita tandiko la kwanza, akalipita la pili. Akasimama kwetu, akamwamkia mama, akainama kuokota mawe.

"Vunja kwanza," mama akasema.

"Kwako sivunji. Nilibaambia hawa, kwake hamuvunji."

"Vunja! Ya chini, sio ya juu. Nusa. Minye pia nilinusa, na nilikosa."

Mjane akachimba mkono mpaka mchangani, akatoa wa chini kabisa, akamvunja. Samaki akalia "tak". Akampa mama nusu, nusu akala yeye, na wote wawili wakasimama wakitafuna.

Kisha akaweka mawe yake manne. Wenzake walimwita waende sokoni. Alikataa. Alitandika gunia tupu kando ya samaki wake, akaketi, akageuza mgongo kwa ziwa, na mchana kutwa akautazama mlima.