Herufi Zangu Chini ya Waraka

Mpaka leo nikinusa rangi ya kucha hufungua dirisha. Dawa tuliyokuwa tukifutia makosa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia nakala, ilinuka hivyohivyo, na miaka ile ya sabini, pale ofisini Mbeya, niliipaka mara mbili mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Nilikuwa mpiga chapa niliyesubiri kuthibitishwa kazini. Kuthibitishwa ndiko kulikokuwa tofauti kati ya kubaki na chumba changu mtaa wa Soweto na kurudi kwa mama Iringa na sanduku kichwani. Karani mkuu alikuwa amekwisha andika barua ya kunipendekeza. Ilibaki meneja aridhie.

Upigaji chapa nilijifunza Iringa, kwa mtawa mmoja mzee aliyejua Kilatini na asiyejua kucheka. Alitukaririsha kama rozari. Vitenzi vya Kiingereza vinavyoishia na ceed ni vitatu tu: exceed, proceed, succeed. Kinachoishia na sede ni kimoja peke yake, supersede, yaani kufuta kilichotangulia na kushika nafasi yake. Vilivyobaki vyote ni cede: precede, recede, concede, intercede na ndugu zao. Alisema hivi vingine vyote vimetoka kwenye neno la Kilatini la kwenda na kuachia njia. Supersede peke yake limetoka kwenye neno la kuketi. Waraka mpya unakuja na kukalia ule wa zamani. Sikulisahau.

Basi ukaja waraka wa Kiingereza kuhusu maji ya mashamba ya mpunga kule Ubaruku, wa kufuta ule uliotangulia. Rasimu aliandika karani mkuu kwa mkono wake, na kwenye kichwa na tena aya ya kwanza aliandika supercede. Mimi nikachapa kwa s. Alipokagua stensili, akilamba kidole kabla ya kuigusa, akaniita. Nikamweleza ya mtawa, taratibu, kwa heshima zote.

"Binti, precede ina c, recede ina c, concede ina c," akasema. "Wengi wape. Fuata rasimu."

Nikaomba tutazame kamusi ya meneja. Akasema kamusi si ya wapiga chapa. Nikapaka dawa juu ya herufi ya sita, nikapuliza ikakauka, nikapiga c. Nikarudia pale pa pili. Mate yake yalikuwa bado yanang'aa pembeni mwa stensili, nikayafuta kwa kanga yangu, na kanga ile sikuivaa tena mpaka nilipoifua mara tatu.

Nakala zikadurufiwa, zikaenda Ubaruku, Igawa na Iringa. Wiki ya pili nakala ya Iringa ikarudi. Mkuu wa tawi la huko alikuwa amelizungushia neno lile penseli nyekundu mara zote mbili, na pembeni akauliza kama Mbeya siku hizi hakuna anayejua kuandika.

Meneja akatuita sote wawili. Kwa desturi ya ofisi zetu, chini kushoto mwa kila barua au waraka huja herufi za mwanzo za majina ya mwenye kuandika, kisha mkwaju, ule mstari wa mshazari, kisha herufi za aliyechapa. Karani mkuu akaweka kidole chake, kilekile, juu ya zangu. Akasema wasichana wa siku hizi wanachapa huku mawazo yao yakiwa sokoni. Rasimu haikuwapo, alikwisha ichana. Sikuwahi kumchukia mtu kwa utulivu kama ule.

Lakini stensili hatukuwa tukitupa. Tulizihifadhi katikati ya magazeti, huenda nakala zikahitajika tena. Nikaomba ruhusa, nikaileta, nikainyoosha dirishani. Kwenye mwanga, ndani ya baka la dawa, ile s ya kwanza ilionekana imelala chini ya c. Pale pa pili vilevile. Meneja akasogea, akavaa miwani, akatazama baka la kwanza, kisha la pili. Karani mkuu akaanza kukohoa. Nikafurahi, nisiseme uongo. Nilijiona nimeshinda.

"Kwa hiyo ulijua," meneja akaniambia.

"Ndiyo, ndugu meneja. Niliagizwa."

"Yeye hakujua. Wewe ulijua, ukafuta iliyo sawa ukaandika kosa, kisha ukaweka herufi zako."

Karani mkuu hakuambiwa neno. Nikairudisha stensili katikati ya magazeti, na kibaya zaidi, nusu ya chuki yangu sasa ilikuwa ya kujichukia mimi mwenyewe.

Siku tatu baadaye karani mkuu akaniwekea rasimu mezani, akiwa amelamba kidole kama kawaida. Ilikuwa inanihusu mimi: muda wangu wa majaribio umeongezwa mwaka mmoja, na barua hii inafuta ile ya kunipendekeza. Pale pa kusema inafuta alikuwa ameandika supersedes, kwa s, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikaichapa bila kosa hata moja. Chini kushoto nikapiga herufi zake, mkwaju, kisha zangu.