Safu Iliyobaki Palepale

Kabla ya simu za mkononi kumnyang'anya riziki, Mama Flashi alikuwa na studio yake ya picha, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Aliwapiga picha maharusi, watoto wachanga, na wazee waliotaka sura yao ibaki ukutani. Mwanga wa kamera yake ulikuwa mkali kiasi kwamba nusu ya mtaa ilionekana imefumba macho kwenye picha zake, na jina likamganda hapohapo. Wateja walipokauka alifunga studio, akabeba kamera na mataa yake, akaenda kuomba kazi kwenye duka kubwa la pembejeo za kilimo. Walikuwa wanaanza kuuza kwa mtandao na walihitaji mtu wa kupiga picha bidhaa.

Hakupenda kupiga picha chupa na majembe, ila hakuwahi kuifanya kazi hiyo ovyo. Alitandika kitambaa cheupe kwenye meza nyuma ya ghala, akapanga mataa mawili, na kila kitu kilichopita mbele yake kilitoka kikiwa kimenyooka na lebo inasomeka. Baada ya miezi kadhaa karani wa takwimu aliacha kazi, na Mama Flashi akamwombea mdogo wake nafasi hiyo. Ndiye kitinda mimba wa mama yao, binti mchangamfu mwenye haraka katika kila jambo, aliyekuwa nyumbani tangu amalize chuo bila kuona ajira. Dukani nao wakamwita Kitinda, kwa sababu dada yake alimwita hivyo.

Wakagawana kazi. Dada alipiga picha na kuyapa mafaili majina. Mdogo alitunza jedwali, ambamo kila mstari ni bidhaa moja: jina, namba ya bidhaa, bei, maelezo, na mwishoni jina la faili la picha yake. Jedwali na picha vikishakamilika vilipandishwa mtandaoni kwa mkupuo, na mfumo ukavioanisha wenyewe kwa kufuata lile jina la faili. Kitinda ndiye pia aliyepokea simu za wateja, kwa kuwa alikuwa na sauti ya kumtuliza mtu aliyefura.

Kamera huyapa mafaili majina yake yenyewe, herufi tatu na namba zisizomwambia mtu kitu. Tangu mwanzo Mama Flashi alitaka kila picha iitwe kwa namba ya bidhaa, ile iliyobandikwa kwenye boksi. Hata picha ikipotea njia, jina lake lingesema ni ya nani. Lakini mzigo mpya wa dawa na mbolea za maji ulipofika, msimu ulikuwa umeshagonga mlango na namba za bidhaa zilikuwa bado hazijatoka ofisi kuu. Meneja akaja na shati limelowa kwapani.

"Zipe picha moja, mbili, tatu kufuata mistari ya jedwali," alisema. "Namba zikija tutarekebisha."

Mama Flashi alisita, kisha akakubali. Alipiga picha chupa moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha iliyochapishwa, akafungua programu inayobadili majina ya mafaili ya folda nzima kwa mara moja, akatazama mfano wa majina mapya kabla ya kubonyeza, akabonyeza. Picha ya kwanza ikawa ya mstari wa kwanza, ya pili ya mstari wa pili, hadi mwisho. Akamkabidhi mdogo wake, naye akayaandika majina hayo kwenye safu ya picha. Hadi hapo kila kitu kilikaa mahali pake.

Namba za bidhaa zikaja, zikajazwa, na hakuna aliyekumbuka kuyabadili majina ya picha. Asubuhi ya kupandisha, meneja akataka chupa zipangwe kwa alfabeti ili wateja wazipate kwa urahisi. Kitinda akateua safu za majina, namba, bei na maelezo, akazipanga. Safu ya picha, iliyokuwa pembeni kabisa nje ya kioo cha kompyuta, hakuiteua. Maneno yakahama, picha zikabaki palepale.

Mfumo haukulalamika. Kila mstari ulikuwa na jina la picha, na kila picha ilikuwepo. Kitinda alifungua bidhaa chache za juu, akaona zimekaa sawa, kwa kuwa mwanzo wa orodha ulikuwa tayari kwenye alfabeti na haukusogea. Chini yake zilikuwa chupa nyeupe za kiwanda kimoja, zenye vifuniko vya kijani, ambazo mtu anazitofautisha kwa utepe wa rangi na maandishi madogo tu. Jembe likionekana mahali pa mpira wa maji, mtoto atacheka. Chupa mahali pa chupa, hakuna aliyeshtuka.

Mteja mmoja alikuwa mama mtu mzima aliyelima nyanya peke yake tangu mumewe afariki. Mbolea ya kunyunyizia majani aliijua kwa sura: chupa nyeupe, utepe wa bluu. Aliiona kwenye simu, akaiagiza kwa kufuata picha. Alipopelekewa chupa yenye utepe mwekundu aliingiwa na wasiwasi, na akafanya kile ambacho mtu makini angefanya, akapiga simu dukani. Kitinda akafungua ukurasa wa bidhaa aliyoagiza, akaona utepe wa bluu, jina lililo chini yake asilisome.

"Ndiyo yenyewe, mama," akamwambia. "Kiwanda hubadilisha lebo mara kwa mara. Usiwe na hofu."

Chupa aliyopelekewa ilikuwa dawa ya kuua magugu, ile inayoua kila jani inalogusa bila kuchagua.

Habari ilifika dukani wiki iliyofuata, ikiletwa na mpwa wa yule mama akiwa na chupa mkononi. Meneja aliisikiliza akiwa amesimama. Mpwa alipomaliza, meneja alimwita Mama Flashi, akamtuma shambani na kamera. Mwenye duka alitaka picha, alisema, za kumwonyesha mwanasheria.

Mama Flashi alikuta nyanya zimesimama kwenye vijiti vyake, zimefungwa kwa kamba kwa uangalifu mkubwa, majani yamekuwa ya njano na kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Matunda mabichi yalikuwa bado yananing'inia. Mstari kwa mstari, hadi kwenye uzio. Pembezoni tu, pale bomba la kunyunyizia lilipokuwa limeishiwa, palibaki mashina machache ya kijani. Alipiga picha kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Mwenye shamba alimfuata nyuma, kisha akatoa simu yake na kumwonyesha picha aliyokuwa ameihifadhi.

"Hii uliipiga wewe?"

"Ndiyo, mama. Niliipiga mimi."

Yule mama akaitazama tena. "Imetoka vizuri," alisema. "Nilijua ndiyo yenyewe kwa sababu imetoka vizuri."

Hakumtukana. Alimkaribisha maji, na Mama Flashi akayanywa akiwa amesimama, kwa kuwa alishindwa kukaa kwenye kiti cha mtu yule.

Aliporudi alifungua jedwali kabla hata ya kuvua mkoba. Aliweka orodha yake ya zamani iliyochapishwa kando ya kioo, akashuka mstari kwa mstari, na haikumchukua muda kuona ni wapi maneno yaliachana na picha. Alimwita mdogo wake, akamwonyesha kwa kidole. Kitinda aliangalia, akaelewa, akakaa chini sakafuni. Alichokisema ni kwamba yule mama alimpigia simu. Alikirudia mara nyingi.

Meneja alikuwa na ripoti ya kupeleka juu na alitaka jina moja. Mama Flashi alieleza yote: kwamba majina yalitegemea nafasi ya mstari na si bidhaa yenyewe, kwamba yeye aliyakubali ingawa alijua hatari yake, kwamba meneja ndiye aliyeagiza, kwamba mdogo wake aliambiwa apange, naye hakujua kuwa kupanga kungezivunja jozi. Meneja alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyepanga na ni nani aliyemjibu mteja kwenye simu.

"Ni mimi," Kitinda alisema kutoka mlangoni.

"Tulifanya wote watatu," dada yake alisema.

Meneja aliandika jina moja. Kitinda aliondoka siku hiyo hiyo na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na kandambili zake. Dada yake alitaka kuondoka naye, na alishafika langoni alipokumbuka zile chupa. Meneja hakuwa ameziondoa mtandaoni, alikuwa bado anasubiri kibali, na hakuna mtu mwingine ambaye angezitambua picha zile. Akarudi. Kwa Kitinda, kurudi kule kulikuwa na maana moja tu: dada yake amechagua kazi.

Mama Flashi alizificha bidhaa zote za chupa mtandaoni bila kuomba ruhusa. Alinakili folda ya picha kwanza, ili za asili zisiguswe. Alimwomba mzee wa ghala amletee kila chupa yenyewe, akaifananisha na picha yake, akaipa picha namba iliyo kwenye boksi. Kwenye jedwali aliigeuza safu ya namba kuwa ya maandishi, kwa maana programu ilikuwa imemeza sifuri za mwanzo wa namba, akazirudisha. Safu ya picha akaiacha ijijaze yenyewe kutoka kwenye namba ya bidhaa, ili mtu akipanga vyovyote atakavyo, jina la picha liende na mwenye nalo. Akatafuta mistari isiyo na picha, akatafuta picha zisizo na mstari, akakuta mstari mmoja na picha moja, akavirekebisha. Akapandisha bidhaa chache zikiwa bado zimefichwa, yeye akisoma ukurasa kwa sauti na mzee wa ghala akisoma lebo ya chupa mkononi. Zilioana. Ndipo akapandisha zilizobaki.

Meneja alimpongeza. Mama Flashi akazima mataa yake.

Mwanasheria alisema lebo ya chupa ilikuwa wazi na mteja alipaswa kuisoma. Duka lilimpelekea yule mama mbegu, na yeye akazirudisha.

Kitinda sasa anakaa kwa mama yao, anasaidia kufua na kupika, na simu ikiita ndani ya nyumba hatoki chumbani. Siku za mapumziko dada yake huenda na mfuko wa matunda, na Kitinda humwamkia kama inavyostahili mkubwa kuamkiwa, kwa heshima yote, bila kumtazama. Mara moja tu alimuuliza jambo. Walikuwa wanaanua nguo.

"Zile za pembeni zilipona, dada? Yale mashina ya nyanya kwenye picha zako?"

Mama Flashi alisema hajui, hajarudi kule. Kitinda akakunja shuka, akaliweka juu ya mengine, akaingia ndani.